Noti zinachapika, dagaa hawachapiki

Swali hili huulizwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, huulizwa kwenye vijiwe vya bodaboda Buzuruga, na huulizwa zaidi msimu wa ada za shule. Benki Kuu ni ya serikali, noti ni za Benki Kuu, sasa kwa nini kila mwananchi asipewe milioni kumi zake tukamaliza habari? Si swali la kipumbavu. Wachumi wengi hulijibu kwa kutamka "mfumuko wa bei" kisha wakaendelea na safari yao, kana kwamba jina la ugonjwa ndiyo maelezo ya ugonjwa. Hapa tunalijibu taratibu, swali moja likizaa jingine, kwa hesabu ambazo mtu anaweza kuzirudia mwenyewe nyuma ya daftari la mauzo.

Serikali ikiamua leo kuchapa pesa, nini hasa kinafanyika?

Kwanza tuiondoe picha ya mashine. Noti za Tanzania huchapwa nje ya nchi kwa oda ya Benki Kuu. Tena pesa nyingi tunayotumia si noti kabisa, ni tarakimu kwenye akaunti za benki na kwenye simu. Kwa hiyo serikali inayotaka "kuchapa" haihangaiki na karatasi. Inaiomba Benki Kuu iiandikie pesa kwenye akaunti yake.

Tuseme ni shilingi bilioni 500. Benki Kuu inaandika pande mbili za daftari: upande mmoja deni, kwamba serikali inadaiwa bilioni 500, na upande wa pili salio, kwamba akaunti ya serikali ina bilioni 500. Kabla ya kalamu kugusa karatasi pesa hiyo haikuwepo popote. Haikutolewa kwa mlipakodi wala kukopwa kwa mwenye akiba. Serikali inamlipa mkandarasi wa barabara, pesa inaingia kwenye benki yake, anawalipa vibarua, vibarua wanakwenda kwa wakala kutoa. Hapo kwa wakala ndipo noti zinapohitajika. Noti ni mwisho wa safari ya pesa mpya, siyo mwanzo wake.

Ndiyo maana zoezi la kubadilisha noti si kuchapa pesa. Kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 Benki Kuu ilikusanya noti za matoleo ya zamani na kuwapa wenyewe kiasi kile kile. Wapo walioona noti ngeni mkononi wakasema serikali imemwaga pesa. Haikumwaga. Ukipeleka elfu tano chakavu ukapewa elfu tano safi, mtaani haijaongezeka hata senti.

Kuandika salio tupu kwa ajili ya serikali kunawezekana kisheria, lakini kwa kamba fupi. Sheria ya Benki Kuu ya 2006 inairuhusu Benki Kuu kuikopesha serikali kwa muda mfupi, na kiasi cha juu kimefungwa kwenye mapato ya ndani ambayo serikali inakusanya. Kamba hiyo haikufungwa na watu wenye roho mbaya, kama tutakavyoona tukifika Kenya.

Sawa. Kila kaya ikipewa pesa, kuna ubaya gani?

Tuchukue kisiwa cha mfano ndani ya Ziwa Victoria. Kina kaya 100, na jumla ya pesa zote mikononi mwao ni shilingi milioni 20. Kila wiki kisiwa kinatoa ndoo 4,000 za dagaa wakavu. Ili hesabu isitusumbue, tuseme hawana kingine cha kuuza wala kununua, na kila shilingi hubadilisha mikono mara moja kwa wiki. Milioni 20 zinakutana na ndoo 4,000, kwa hiyo ndoo inauzwa 5,000.

Jumatatu inafika boti ya serikali na kuipa kila kaya 200,000. Sasa kisiwa kina milioni 40. Usiku mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, nyavu zile zile, vijana wale wale. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti vizuri, na wavuvi hupumzika. Mwezi haujui kwamba kuna pesa mpya. Asubuhi kwenye vichanja kuna dagaa wale wale wa ndoo 4,000.

Kila mnunuzi anafika mwaloni akiwa na uwezo wa kuongeza dau, na kila muuzaji anaona dagaa wanaisha kabla ya saa tatu. Siku ya kwanza ndoo inapanda hadi 6,000, na bado wanaisha. Inapanda hadi 8,000. Itatulia pale pesa zote zitakapotosha dagaa wote, yaani milioni 40 kugawa kwa 4,000: shilingi 10,000 kwa ndoo. Kila mtu ana pesa mara mbili, bei ni mara mbili, na chunguni samaki ni wale wale.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanajiangalia peke yao. Mtu mmoja akiokota milioni kumi barabarani ni kweli anatajirika, lakini anatajirika kwa sababu wengine hawakuokota. Anakwenda sokoni na pesa nyingi, ilhali bei imewekwa na watu wenye pesa chache. Wote wakiokota, hakuna tena wa kumzidi.

Basi hakuna aliyepata wala aliyekosa. Hasara iko wapi?

Wapo waliopata na wapo waliokosa. Chukua kaya iliyokuwa na 50,000 tu. Zamani ilinunua ndoo 10. Sasa ina 250,000, inanunua ndoo 25. Imepata. Kaya iliyokuwa na 500,000 ilikuwa na uwezo wa ndoo 100. Sasa ina 700,000 na inanunua ndoo 70. Imepoteza ndoo 30 bila kuibiwa, bila kudhulumiwa, na risiti hana.

Mtu atasema: si vizuri hivyo, tajiri kampa maskini? Ingekuwa hivyo kama matajiri wangekuwa wanaweka utajiri wao kwenye noti. Tajiri wa mwaloni, kwa maana ile ya mwenye mitumbwi, utajiri wake ni mitumbwi, mashine, kiwanja cha Nyegezi na pengine dola kidogo. Bei zikipanda mara mbili, mitumbwi yake nayo inapanda mara mbili. Anayeshikilia laki tano za noti ni mama wa kikoba anayesubiri mgawo wa Desemba anunue friza, au mstaafu mwenye kiinua mgongo chake benki, au mwalimu ambaye mshahara wake hauwezi kubadilika kabla ya bajeti ya Julai. Na aliyekopa anashangilia, maana deni la milioni mbili sasa analilipa kwa dagaa nusu ya wale wa mwanzo. Aliyemkopesha ndiye aliyebeba.

Lakini serikali haigawi sawa kwa sawa. Ikichapa kwa ajili ya miradi yake?

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo panaposemwa kidogo kuliko panavyostahili. Turudi kisiwani mwanzoni: milioni 20, ndoo 4,000, bei 5,000. Safari hii serikali haimpi mtu kitu. Inajiandikia milioni 5 na kuja kununua dagaa kwa ajili ya shule zake. Pesa zinazozunguka sasa ni milioni 25, na zikigawanywa kwa ndoo 4,000 bei inakwenda 6,250.

Serikali kwa milioni 5 zake imebeba ndoo 800. Wanakisiwa bado wana milioni 20 zile zile, hazijapungua hata mia, lakini sasa zinanunua ndoo 3,200. Ndoo 800 zimetoka kwao kwenda serikalini. Ni kodi ya asilimia 20, iliyokusanywa bila mkaguzi, bila mashine ya risiti na bila kujadiliwa bungeni. Wachumi wanaiita kodi ya mfumuko wa bei, na jina hilo ni sahihi neno kwa neno. Kila anayesema serikali ichape badala ya kutoza kodi anaomba kodi moja iondolewe na nyingine iwekwe, tena ile ambayo mwenye dola haimgusi.

Na hailipwi kwa usawa, kwa sababu bei haipandi siku moja. Wa kwanza kuishika pesa mpya, tuseme mkandarasi, ananunua saruji na dagaa kwa bei ya jana. Wauzaji wake wananunua kwa bei iliyopanda kidogo. Inapofika kwa mama lishe wa Igoma, bei imekwisha kupanda yote, na pesa yenyewe hajaiona. Aliye karibu na bomba anakunywa maji safi. Wa mwisho kwenye mfereji anapata tope.

Kama ni kodi tu, serikali si inaweza kuirudia kila mwaka?

Inaweza kujaribu. Mwaka wa kwanza watu hawakujua. Mwaka wa pili wameshajua kwamba noti inayolala ndani inayeyuka, kwa hiyo hawailazi. Mshahara ukiingia asubuhi, mchana umeshageuka unga, sabuni, bati. Pesa ile ile inabadilisha mikono mara nyingi zaidi.

Kwenye kisiwa chetu, tuseme milioni 25 sasa hazizunguki mara moja kwa wiki bali mara 1.2. Kwa soko ni kama kuna milioni 30, na bei ya ndoo ni 7,500. Pesa imeongezeka kwa asilimia 25, bei imepanda kwa asilimia 50. Tena serikali iliyotegemea kupata ndoo 800 kwa milioni 5 zake sasa inapata ndoo 667 tu. Shule hazijashiba. Ifanye nini? Ichape zaidi. Watu nao wanakimbiza pesa zaidi, na mapato yake halisi yanashuka tena.

Kodi za kawaida nazo zinaoza katikati. Kodi iliyokadiriwa kwa mauzo ya mwaka jana inalipwa mwaka huu kwa shilingi zilizopungua nguvu, kwa hiyo pengo la bajeti linakua, na pengo hilo ndilo lililoleta uchapaji tangu mwanzo. Zimbabwe iliufuata mkondo huu hadi Januari 2009 ilipotoa noti ya dola trilioni 100. Mwezi uliofuata wakafuta sifuri kumi na mbili, na ndani ya mwaka huo sarafu yenyewe ikaachwa, watu wakawa wanauziana kwa dola ya Marekani na randi.

Hakuna wakati ambapo pesa mpya inafaa?

Upo, na anayekataa hilo anadanganya kwa upande wa pili. Tuseme mitumbwi 20 ipo, lakini mitano imeegeshwa kwa sababu dagaa wanakosa wanunuzi na wanaoza kwenye vichanja. Watu wanawataka, pesa ndiyo hawana. Pesa mpya ikiingia hapo, mitumbwi mitano inarudi ziwani, dagaa wanaongezeka, na bei inaweza kutulia pale pale. Vilevile uvuvi ukikua kwa asilimia 5 kwa mwaka na kila mwaka watu wengi zaidi wakihitaji pesa za kufanyia biashara, Benki Kuu inapaswa kuongeza pesa. Isipoongeza bei zitashuka na wenye madeni watanyongwa. Kwa hiyo pesa mpya hutengenezwa kila mwaka, na hakuna anayelalamika.

Shida ni kwamba kwetu mitumbwi mara nyingi imeegeshwa kwa sababu nyingine: mashine imekufa na spea ni ya dola, au petroli imepanda. Hivyo vyote vinatoka nje, na aliye nje hataki shilingi. Mashine ya dola 2,500, dola ikiwa shilingi 2,500, inagharimu milioni 6 na laki mbili na nusu. Shilingi zikimwagwa, kila mwenye nazo anakimbilia dola. Dola ikifika 3,000, mashine ile ile ni milioni 7 na nusu. Mvuvi anahitaji milioni moja na robo zaidi kabla hajarudi majini. Pesa iliyokuja kumwamsha ndiyo iliyomlaza.

Wamarekani hutajwa sana hapa: mbona wao wanachapa? Dola inawekwa akiba na dunia nzima, kwa hiyo sehemu ya pesa yao mpya inaishia kwenye makabati ya watu wengine. Shilingi haina makabati hayo. Na hata wao, baada ya kumwaga pesa wakati wa Uviko, Juni 2022 mfumuko wao wa bei ulifika asilimia 9.1, ambao hawakuuona kwa miaka arobaini.

Kuna nchi ya jirani iliyojaribu?

Zipo mbili, na zote zinapakana na ziwa hili. Kenya ndiyo yenye somo lililo wazi zaidi.

Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada yao mipya kwa Kenya. Desemba 1992 ulikuwa unakuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, na uchaguzi unakula pesa. Hakuna aliyetoka hadharani kusema tunachapa. Pesa ilipita milango ya pembeni. Kuna benki zilizoachwa zitoe zaidi ya zilichokuwa nacho kwenye akaunti zao Benki Kuu, na Benki Kuu ikafidia kwa kuandika. Kuna fidia zilizolipwa kwa mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi ambayo hayakuwepo. Hiyo ndiyo kashfa ya Goldenberg iliyokuja kuchunguzwa na tume ya Jaji Bosire. Mtaani zikajaa noti mpya za shilingi 500, na watu wakazipa jina la mwanasiasa kijana wa kampeni: jirongo.

Ulipofika 1993, mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa takriban asilimia 46. Dola iliyokuwa kama shilingi 36 za Kenya mwishoni mwa 1992 ilikuwa karibu 68 mwaka mmoja baadaye. Aliyepokea kitita cha kampeni alikula wiki moja. Bei alizilipa mwaka mzima, pamoja na wale ambao kitita hawakukiona.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni namna pesa zile zilivyorudishwa. Pesa iliyoandikwa haifutiki kwa tangazo, lazima ivutwe. Serikali iliuza dhamana za miezi mitatu, yaani ilikopa shilingi kutoka kwa wenye nazo ili zisizunguke, na ili wakubali ikabidi itoe riba iliyopita asilimia 70 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 72, anayeikopesha serikali 1,000 anarudishiwa 1,180 baada ya miezi mitatu, bila kuuza wala kuvua chochote. Benki gani ingemkopesha fundi wa Kisumu anayetaka cherehani? Mikopo ya biashara ilikauka. Dawa ilifanya kazi, kwani 1995 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 2, lakini bili ya riba ililipwa na mlipakodi. Kwa hesabu yetu Mkenya wa kawaida alitozwa mara mbili: kwanza bei zilipopanda, kisha zilipokuwa zinashushwa.

Uganda ilikuwa na njia nyingine. Mei 1987, baada ya miaka mingi ya vita na uchapaji, shilingi 100 za zamani ziligeuzwa kuwa moja mpya, na juu yake asilimia 30 ikakatwa wakati wa kubadilisha. Kukata sifuri hakumwibii mtu, maana bei nazo zinakatwa. Ile asilimia 30 ndiyo iliyouma, na iliwauma wenye noti. Wenye ng'ombe na nyumba haikuwafikia.

Mbona Benki Kuu yetu inanunua dhahabu kwa shilingi mpya? Si kuchapa huko?

Ni kutengeneza pesa, ndiyo, na swali hili linawahusu watu wa Mwanza kuliko wengine kwa sababu dhahabu nyingine inasafishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Mwanza. Tangu 1 Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu, nayo inalipa kwa shilingi.

Angalia daftari tena. Kwenye mkopo kwa serikali, upande mmoja kuna salio jipya, upande wa pili ahadi ya serikali. Kwenye dhahabu, upande mmoja kuna salio jipya, upande wa pili kuna mche wa dhahabu kabatini. Ahadi ya serikali haiwezi kununua petroli ya meli bandarini. Dhahabu inaweza: inauzwa ikawa dola, dola zikauzwa kwa waagizaji, na shilingi zao zikarudi Benki Kuu. Pesa iliyotoka ina kamba ya kuirudishia.

Hata hivyo shilingi zile zikifika Geita na Katoro hazijitambulishi kwamba zina dhahabu nyuma yake. Zinanunua bia, pikipiki na viwanja kama nyingine, na zikizidi bidhaa zitapandisha bei vile vile. Ndiyo maana Benki Kuu inaponunua dhahabu kwa wingi inapaswa pia kuvuta shilingi upande mwingine, kwa kuziuzia benki dhamana na kusimamia riba. Tangu Januari 2024 inatumia riba yake kama usukani, ikianza na asilimia 5.5, na lengo lake ni mfumuko wa asilimia 3 hadi 5. Tunaona mpango wa dhahabu ni mzuri, kwa sharti kwamba pampu ya kuvuta isizimwe pale serikali itakapokuwa na haraka.

Nitajuaje kama bei imepandishwa na pesa au na ziwa?

Angalia ni vitu vingapi vimepanda. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hupanda, lakini nauli ya daladala kwenda Kisesa, sabuni, kunyoa nywele na kodi ya chumba hubaki. Mvua ikiharibu barabara ya Sengerema, nyanya hupanda na bati halipandi. Hiyo ni bei ya kitu kimoja kilichoadimika, na baada ya wiki kadhaa hushuka. Pesa ikizidi, vinapanda vyote, hata ambavyo havina uhusiano, na havishuki. Kinyozi hatumii petroli wala mwezi. Akipandisha bei mwezi mmoja na muuza bati, shuku pesa.

Kisha angalia dola. Bidhaa zikipanda hapa huku dola imetulia, tatizo huenda ni la ndani na la muda. Mafuta yakipanda duniani, dola inaweza kutulia na petroli ikapanda. Bei za ndani na dola zikipanda bega kwa bega, miezi mitatu minne mfululizo, kaa macho. Mwenye uvumilivu asome taarifa za kila mwezi za Benki Kuu na kutafuta mstari wa mikopo yake kwa serikali. Ukikua haraka kuliko mapato ya kodi, bei zitaufuata baada ya miezi kadhaa.

Dalili ya mwisho huonekana dukani kabla haijafika kwenye takwimu. Bei za vitu vikubwa zinaacha kuandikwa. Fundi wa boti anakupa bei ya mbao inayodumu hadi jioni tu, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na muuza mashine, ukimpa shilingi taslimu, anapiga simu kwanza kuuliza dola imeamkaje.